Barua kwa Mwalimu kuhusu msichana aliyefungiwa ndani ya ngoma

Ukikulia pwani yetu, kuanzia Moa mpaka Pangani, hukosi kuisikia hadithi ya msichana aliyesahau kombe lake mwambani. Wasichana wanashuka pwani maji yakiwa yamekupwa, wanaokota makombe. Mmoja anapata kombe zuri kuliko yote, analiweka juu ya mwamba lisije likavunjika, kisha analisahau. Wako njiani kurudi ndipo anakumbuka. Anawaomba wenzake wamsindikize, wanakataa: jua linakuchwa na maji yameanza kujaa. Anarudi peke yake huku akiimba ajipe moyo, na pale mwambani anamkuta zimwi amekaa. Zimwi anaisifu sauti yake, anamwita asogee, anamdaka, anamtia ndani ya ngoma na kuiwamba ngozi juu yake. Tangu hapo anazunguka naye kijiji kwa kijiji. Akiipiga ngoma, msichana anaimba, na watu wanampa zimwi chakula bila kujua sauti inatoka wapi.

Hapo ndipo hadithi ilipoachwa katika darasa la kwanza analosoma binti yangu, hapa Tanga mjini. Ilikuwa kipindi cha mwisho, kengele ikalia, Mwalimu akasema watamalizia kesho. Kesho yake akaitwa kwenye semina ya siku kadhaa. Watoto wakarudi makwao na msichana akiwa bado ndani ya ngoma.

Mimi sikuambiwa hadithi yoyote. Nilichokiona ni mambo ya ajabu nyumbani. Tuna pipa la maji la buluu kwenye kona ya ua, lile la plastiki lenye mfuniko wa kubana kwa pete. Mtoto akawa kila akipita analifungua, anachungulia, anaacha mfuniko chini. Nikiufunga, anaufungua tena. Nilimgombeza kwa ajili ya mbu, akalia. Usiku akawa hataki kwenda chooni peke yake, na choo kipo hatua chache tu kutoka mlangoni. Alipoamka usiku wa manane akaniuliza swali ambalo ndilo lililonifungua macho: “Mama, ndani ya ngoma mtu anapumua wapi?”

Asubuhi nilimwambia anisimulie hadithi yote, naye akanisimulia vizuri, na wimbo akauimba. Nilidhani kinachomsumbua ni zimwi. Nikamuuliza zimwi ana sura gani, akajibu harakaharaka kwamba ana jicho moja na kucha ndefu, akapita. Hakumjali sana. Aliporudi kwenye ngoma ndipo sauti ikabadilika. Na alirudi pia kwa wale wenzake. “Kwa nini hawakurudi naye? Yeye si rafiki yao?” Hayo mawili, kufungiwa na kuachwa, ndiyo yaliyokuwa yamemkaa rohoni.

Nalieleza hili kwa urefu kwa sababu wazazi wengi tukimwona mtoto ameogopa hadithi tunakimbilia kumwambia zimwi hakuna. Jirani yangu alinishauri hivyohivyo. Nilijaribu, na mtoto akaniambia, “Najua hakuna,” halafu akaenda kufungua pipa. Mtoto wa miaka sita anaweza kujua kwa kichwa kwamba kitu si cha kweli na mwili wake ukaendelea kuogopa. Watu waliochunguza jinsi watoto wanavyotishwa na vipindi na sinema wameona kwamba katika umri mdogo maelezo pekee hayasaidii sana. Kinachosaidia zaidi ni kukaa karibu na mtu mzima anayemwamini, kuwa na kitu cha kushika, na kukizoea kile kitu kidogokidogo. Kadiri mtoto anavyokua ndivyo maneno yanavyoanza kufanya kazi.

Jirani mwingine alisema niende shuleni nikadai hadithi za mazimwi zifutwe. Mama yangu mzazi, ambaye anaishi nasi, hakukubaliana na yeyote kati yao. Yeye aliuliza tu, “Nani huyo anayemwachia mtoto hadithi katikati?” Jioni hiyo alikuwa tayari kuimaliza mwenyewe. Nikamwomba kwanza anisimulie mimi jikoni, mtoto akiwa hayupo, na nashukuru nilifanya hivyo. Katika hadithi ya mama, msichana anaokolewa na zimwi anakufa, lakini pale alipofia unaota mmea wa maboga, unazaa boga kubwa, na boga hilo linaanza kuwafukuza watoto waliolisifu. Linakatwakatwa, linachomwa, majivu yanatawanywa ndipo mambo yanaisha. Mimi niliisikia utotoni bila boga. Na nimeshasikia watu wa upande wa Pangani wakiisimulia kwa namna nyingine kabisa. Hadithi za mdomo ziko hivyo, kila nyumba ina mwisho wake. Basi sikuweza kujua Mwalimu ana mwisho upi, na mwanangu angeweza kupewa miisho miwili inayopingana kuhusu jambo linalomnyima usingizi.

Ndiyo maana niliandika barua. Kumpigia simu Mwalimu aliye semina sikuona ni adabu, na kwenda kumvamia getini mbele ya wazazi wengine kungefanya swali lionekane shutuma. Niliandika kwenye karatasi ya daftari, hivi:

“Mwalimu, shikamoo. Habari za semina na habari za nyumbani. Mimi ni mama wa binti anayekaa dawati la mbele upande wa dirisha. Nakushukuru kwa hadithi unazowasimulia, maana mtoto anarudi na nyimbo.

Nina swali kuhusu hadithi ya msichana na zimwi. Ilipoishia, msichana alikuwa ndani ya ngoma. Tangu siku hiyo mtoto hataki kwenda chooni peke yake usiku, anafungua mfuniko wa pipa la maji kila anapopita, na ameniuliza mtu anapumua wapi ndani ya ngoma. Anakula vizuri, anacheza, na shule anakuja bila shida. Anaiimba hadithi hiyo mwenyewe bila kulazimishwa.

Naomba unisaidie mambo haya. Je, kwa uzoefu wako hadithi hii inamfaa mtoto wa miaka sita? Wewe unaimaliza vipi, na je, lile boga limo? Zimwi akiadhibiwa, unaweza kuipunguza adhabu? Na nyumbani tuimalizie sisi au tukusubiri wewe? Siombi uiache hadithi. Naomba tuelewane, ili anachosikia kwako na anachosikia kwa bibi yake visigongane.”

Sikuandika kwamba mtoto “ameathirika.” Niliandika nilichokiona, pamoja na yale yaliyokuwa mazima: anakula, anacheza, anaenda shule. Nadhani hapo ndipo barua nyingi za wazazi zinapoharibika. Ukimwandikia mwalimu hukumu, atajitetea. Ukimwandikia ulichokiona, ana kitu cha kupima.

Mwalimu huyu ni mtu mzima, amefundisha madarasa ya chini kwa miaka mingi. Jibu lake lilikuja nyuma ya karatasi ileile. “Marahaba, mama yangu,” akaanza, kisha akaandika kwamba hadithi iliachwa mahali pabaya kuliko pote, na kwamba angerudi angeisimulia upya kuanzia mwanzo mpaka mwisho kwa mara moja. Kwa wakati huo tumwambie mtoto jambo moja tu: msichana anatoka, na anayemtambua ni mama yake. Namna anavyotoka tusimwambie. Mengine akaomba tuyazungumze ana kwa ana.

Nilimwambia mtoto usiku huo. Akauliza, “Anatoka mzima?” Nikamwambia mzima. Akalala. Ilinishangaza kwamba kuujua mwisho hakukumwondolea hamu ya hadithi, bali kulimpa nguvu ya kuisubiri. Mtu mzima akiambiwa mwisho anaona ameharibiwa uhondo. Mtoto mdogo anaweza kuambiwa mwisho na bado akataka asimuliwe yote, hata mara kumi.

Tulipokutana, Mwalimu alianza na swali langu la kwanza, kama hadithi inafaa. Alisema haangalii umri peke yake, anaangalia hofu inafanya nini ndani ya mtoto. Yuko mtoto anayeogopa huku anaisogelea: anauliza, anaimba, anaicheza, anaomba irudiwe. Huyo hadithi inamfanyia kazi. Yuko anayeogopa huku anaikimbia: anaziba masikio na hazibui, ananyamaza akisikia jina la hadithi hiyo, anaanza kukojoa kitandani wakati alikwisha acha, anatafuta sababu za kutokuja shule. Huyo asimamishiwe hadithi, na ikiendelea wiki kadhaa mzazi atafute msaada. Binti yangu, kwa maelezo ya barua, alikuwa kundi la kwanza. Kufungua pipa, alisema Mwalimu, ni kumtafuta msichana amtoe.

Kisha tukaja kwenye adhabu, na hapo hatukukubaliana mara moja. Katika hadithi yake, ngoma inafika nyumbani kwa msichana. Mama anaisikia sauti ya mwanawe. Wanamkaribisha zimwi, wanamlisha mpaka analala fofofo, wanamtoa msichana, na ndani ya ngoma wanatia nyuki, siafu na nyoka. Zimwi anaamka, anakwenda, anaipiga ngoma, haiimbi. Anaifungua, na huo ndio mwisho wake. Mimi niliona nyuki na nyoka ni ukatili usio wa lazima kwa mtoto wa miaka sita. Si ingetosha zimwi akimbizwe?

Mwalimu akasema aliwahi kuisimulia hivyo, zimwi akafukuzwa akakimbilia porini. Swali la kwanza la watoto lilikuwa, “Pori gani?” Zimwi aliyekimbizwa yuko mahali fulani bado, na usiku mtoto anamhesabia njia ya kurudi. Nyuki wanafunga hesabu. Zaidi ya hapo, watoto wa umri huu wana mizani kali ya haki. Sisi watu wazima, ambao tuna makosa mengi ya kusamehewa, ndio tunaopenda zimwi ahurumiwe. Wao wanataka kilichomfungia mtoto kifungiwe. Alichokubali kupunguza ni maelezo: hasimulii zimwi aliumwaje wala alilia vipi. Anasema tu, “Akafungua, wakamtokea, na zimwi hakuonekana tena.” Boga akalitoa moja kwa moja, kwa sababu linafungua upya mlango uliokwisha fungwa. Hilo alisema ni la watoto wa miaka tisa au kumi, ambao wanapenda hadithi iwarukie mara ya pili.

Nikamkumbuka mbwa mwitu wa Ulaya, kwa sababu nyumbani tuna kitabu cha picha cha yule msichana mwenye kofia nyekundu. Hadithi hiyo ilichapishwa na Mfaransa Charles Perrault mwaka 1697, na kwake inaishia mbwa mwitu akimla msichana. Hakuna anayemtoa. Chini yake kuna shairi la onyo, na onyo lenyewe linawahusu wasichana wakubwa na wanaume wenye maneno matamu. Ndugu wawili wa Kijerumani, Jacob na Wilhelm Grimm, walipoichapisha mwaka 1812, mwindaji anapasua tumbo, bibi na mjukuu wanatoka wazima, na mbwa mwitu anajazwa mawe tumboni anakufa. Nilipoziweka pamoja na yetu nilishtuka: tumbo na ngoma, mawe na nyuki. Watu wa mbali kabisa walifikia jambo lilelile, kwamba ukimsimulia mtoto mdogo habari ya kumezwa, humwachi ndani, na kilichommeza hakiachwi kikiwa kitupu na tayari kumeza tena. Hadithi inayoishia tumboni ina kazi yake, ila msikilizaji wake ni mkubwa zaidi.

Jambo ambalo Mwalimu alilikataa kabisa ni kinyago. Mwalimu mwenzake alipendekeza siku ya kuimaliza mtu avae kinyago cha zimwi ili ichangamke. Akasema hapana, na picha kwenye simu pia hapana. Zimwi wa maneno kila mtoto anamtengeneza mwenyewe kwa ukubwa anaoumudu. Wa binti yangu ana jicho moja na kucha, inatosha. Zimwi wa kinyago ana ukubwa mmoja kwa wote, na watoto wadogo hutishwa na sura kuliko wanavyotishwa na habari. Hata ukiwaonyesha mtu akikivua kinyago mbele yao, wengine wataendelea kulia.

Alinieleza pia kwa nini haruki “paukwa” na “pakawa.” Watu hudhani ni madoido. Kwake ni kizingiti: mtoto anajibu kwa mdomo wake mwenyewe kwamba sasa anaingia mahali pa hadithi, na mwishoni anaambiwa imeishia hapo, ikiwa njema ni ya wote, ikiwa mbaya ni ya msimulizi peke yake. Siku ile ya kengele waliingia bila kutolewa. Na ndiyo sababu anachukia sana wazazi na dada wa kazi wanaosema, “Kula, la sivyo nitamwita zimwi.” Huyo hana paukwa wala mwisho. Ametolewa kwenye hadithi akawekwa uani, na mtoto ana haki ya kumwogopa kwa sababu mtu mzima anayemwamini amesema yupo. Nilitoka hapo nikamwambia kila aliye nyumbani kwangu kwamba neno hilo lisitumike tena.

Aliisimulia asubuhi baada ya uji, watoto wakiwa wameshiba na siku ikiwa bado ndefu mbele yao, akaniruhusu kukaa nyuma. Haikuzidi nusu saa. Alikuwa na ngoma ndogo ya kweli, na kabla ya kuanza aliizungusha darasani kila mtoto aishike na kuichungulia kwa chini, maana upande wa chini haikuwambwa. Binti yangu aliingiza mkono mpaka kwenye kiwiko akautoa. Halafu ikaja paukwa, na kila ngoma ilipopigwa darasa zima ndilo lililoimba sehemu ya msichana:

Mama njoo unitoe,
giza limenielemea,
kombe langu la pwani
ndilo lililoniponza.

Nilielewa hapo kwa nini wimbo haupaswi kuachwa na anayesoma kitabuni kimyakimya. Mtoto anayeimba hakai kungoja jambo limtokee. Anashika sehemu ya hadithi mikononi mwake, na anajua kwamba wimbo huo ndio utakaomfikia mama. Zimwi alipotokea mwambani binti yangu alijiziba masikio, kisha akazibua ili asikose kuitikia. Mama alipoitambua sauti, watoto wawili walisimama. Nyuki walipotiwa ngomani, darasa likapiga makofi, na mimi niliyetaka nyuki waondolewe nikapiga nao.

Nyumbani mchezo ukawa huo. Alimwingiza kaka yake mdogo kwenye boksi la televisheni, yeye akawa zimwi, akapiga boksi kwa mwiko, kisha akawa mama akamtoa. Alibadilisha nafasi zote isipokuwa moja: hakukubali kuwa ndani ya boksi mpaka nilipolitoboa matundu pembeni. Pipa aliendelea kulichungulia kwa muda, mara chache zaidi kila siku, na chooni akaanza kwenda peke yake nikiwa nimesimama mlangoni, baadaye nikiwa jikoni.

Swali la wale wenzake halijaisha. Hadithi haiwaadhibu wala haiwaombei msamaha, wanapotea tu. Nilitaka kumtungia jibu, Mwalimu akanishauri nisilitunge, nimwache aliulize. Binti yangu amesema wangerudi naye kama wangekuwa wanajua. Wiki nyingine akasema walikuwa wavivu. Namsikiliza.

Kuna mpaka mmoja ambao Mwalimu aliutaja na ambao kwangu ndio mzito kuliko yote. Hadithi haimtishi mtoto kwa ukubwa wa zimwi peke yake, humtisha kwa jinsi inavyofanana na maisha yake. Mtoto aliyefiwa na mama hivi karibuni hawezi kusikia “mama akaitambua sauti” kama wangu alivyosikia. Kwa hiyo kabla ya hadithi hii Mwalimu huzungumza na walezi wa watoto anaojua yaliyowakuta, na kama hajui huuliza.

Muhula huu wamo kwenye hadithi ya mama wa kambo anayemnyima mtoto chakula. Binti yangu anaisubiri kwa hamu. Lakini katika darasa lao yupo mtoto aliyeletwa kutoka Muheza kukaa na baba yake na mke wa baba, na mama huyo namfahamu, anajitahidi sana, na mtoto ndio kwanza ameanza kumwita mama. Nimeandika barua nyingine, fupi kuliko ile ya kwanza, kumuuliza Mwalimu kama hadithi hiyo haiwezi kusubiri mwaka mmoja, au kama kuna nyingine yenye njaa na kushiba lakini isiyomtaja mama wa kambo. Mama yangu ameshapendekeza mbili. Nimeziandika chini ya barua, pamoja na mwisho wa kila moja.